Barua ya Kuomba Saa Nyumbufu za Kazi: Tarehe za Tathmini Ndizo Msingi

Mfanyakazi anamweleza msimamizi wake kwamba nyumbani kuna mgonjwa, na msaidizi anayemwangalia huondoka saa kumi alasiri. Msimamizi ni mtu mwelewa. Anamwambia, "Sawa, wewe ingia saa moja asubuhi, utoke saa kumi, tutaona itakavyokwenda." Wanaagana vizuri. Miezi minne baadaye msimamizi yule anahamishwa hadi kituo kingine, na mpya anaripoti. Wiki ya kwanza anaona kila siku kiti kimoja kiko wazi saa kumi na nusu, ilhali kazi hufungwa saa kumi na moja. Anaandika barua ya kumtaka mhusika ajieleze. Mfanyakazi hana karatasi yoyote. Yule aliyekubaliana naye yuko mbali, na hata akipigiwa simu, atakumbuka tu kwamba walisema "tutaona".

Maafisa wanaoshughulikia masuala ya wafanyakazi hawashangazwi na kisa cha namna hii. Hakuna aliyekosa nia njema. Kilichokosekana ni barua yenye siku ya kuanza, siku za kuketi pamoja kutazama mambo yanavyokwenda, na siku ya mwisho. Katika makala haya tunaonyesha jinsi barua hiyo inavyoandikwa, kwa kufuata mfano mmoja hadi mwisho. Mfano wetu ni karani wa dirisha la malipo katika ofisi ya umma mjini Mtito Andei. Karani huyo, ofisi yake na hesabu zake tumevibuni ili kufundishia. Utaratibu ni ule ule kwa mhudumu wa hoteli au mwuza duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara kuu ya Mombasa.

Sheria inasema nini

Ni vyema kuanza na jambo ambalo wengi hulielewa vibaya. Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimpi kila mfanyakazi haki ya kubadilishiwa saa za kazi kwa kuomba tu. Kifungu cha 27 kinamwachia mwajiri jukumu la kupanga saa za kazi, mradi mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kwa hiyo barua tunayoizungumzia ni ombi. Msimamizi anaweza kukataa, na kukataa kwenyewe si kosa.

Lakini kifungu cha 10 cha sheria hiyo hiyo kinataka saa za kazi ziwe miongoni mwa mambo yanayoandikwa katika mkataba. Yakibadilika, mwajiri anapaswa kushauriana na mfanyakazi, kurekebisha mkataba na kumjulisha mabadiliko hayo kwa maandishi. Ndiyo maana makubaliano ya mdomo hayatoshi, hata pale ambapo kila mmoja ameridhika. Kuna sababu nyingine ambayo watu huikumbuka wakati ajali imeshatokea. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, inahusu ajali zinazotokana na kazi na zinazotokea mtu akiwa kazini. Karani akiteleza na kuvunjika mkono saa moja na robo asubuhi akifungua ofisi, huku karatasi zote zikisema kazi yake huanza saa mbili, atalazimika kueleza alikuwa akifanya nini pale.

Kundi moja lina jambo la ziada. Mama anayenyonyesha hahitaji kusubiri hisani ya msimamizi ili apate muda wa kunyonyesha au kukama maziwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 72, inampa mapumziko hayo mbali na saa ya chakula, na muda huo huhesabiwa kuwa wa kazi, ili mradi usizidi saa moja kwa kila saa nane. Mama huyo akitaka pia kubadilisha saa za kuingia na kutoka, hapo ataandika ombi kama mtu mwingine yeyote. Asiyachanganye mambo hayo mawili katika barua moja, maana moja ni haki na jingine ni ombi, na yakichanganywa msimamizi anaweza kuyajibu yote kama maombi.

Kabla ya kuandika: hesabu kwanza

Karani wetu anafanya kazi na mwenzake mmoja. Saa za ofisi ni zile za kawaida za utumishi wa umma: saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, kisha saa nane hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Hizo ni saa nane kwa siku na arubaini kwa wiki. Baba yake alipatwa na kiharusi. Msichana anayemwangalia mzee hutoka Kathekani, na lazima aondoke saa kumi ili afike kwao kabla ya giza. Kwa saa moja na zaidi kila siku mzee hubaki peke yake, na mara mbili ameanguka.

Karani akiandika hayo peke yake, barua itamhuzunisha msimamizi lakini haitamsaidia kuamua. Msimamizi ana swali moja ambalo hatalisema waziwazi: dirisha likikosa mtu, nani ataulizwa? Hivyo kazi ya kwanza ni kujua kinachotokea pale dirishani.

Karani akachukua wiki mbili, kuanzia Juni 1 hadi Juni 12, 2026. Kila stakabadhi inayotoka kwenye mtambo huwa na saa, kwa hiyo hakuhitaji daftari jipya. Alihesabu tu stakabadhi zilizotolewa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kisha akamwomba askari wa langoni aweke alama ya kalamu kwa kila mtu aliyefika akakuta dirisha limefungwa, iwe kabla ya saa mbili asubuhi au kati ya saa saba na saa nane. Kwa siku tisa za kazi, stakabadhi za saa ya mwisho zilikuwa 18, yaani mbili kwa siku. Watu waliokuta dirisha limefungwa asubuhi walikuwa 27, na wakati wa chakula 34.

Hesabu hizo ziligeuza ombi lote. Anayetoka Ngwata au Nthongoni kwa bodaboda huwahi kufika mjini kabla jua halijawa kali, akakaa kwenye ngazi akisubiri mlango. Mwingine hufika saa saba na dakika tano, akaambiwa arudi saa nane. Karani akaona kwamba akiingia saa moja, akala saa sita badala ya saa saba, na kutoka saa kumi, huku mwenzake akibaki na saa zake za zamani, dirisha litakuwa wazi mfululizo kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Watu ni wale wale wawili na kila mmoja anafanya saa nane zile zile, lakini mwananchi anahudumiwa kwa saa kumi badala ya nane.

Mpango huu una gharama, na barua lazima iitaje kabla ya msimamizi kuigundua. Kwa saa nne za siku, dirisha litakuwa na mtu mmoja badala ya wawili au badala ya kufungwa. Mwenzake ndiye atakayebeba saa ya mwisho peke yake. Kwa hiyo alizungumza na mwenzake kwanza, ana kwa ana, kabla hajaandika neno lolote. Barua inayomtaja mtu ambaye hajaulizwa huzua ugomvi ofisini hata ikikubaliwa.

Barua yenyewe

Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, maana zote mbili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba. Tahadhari ni katika saa. Sisi tunasema saa moja asubuhi, lakini daftari la mahudhurio na mtambo huandika 7.00. Andika zote mbili mara moja ili mtu wa ofisi ya wafanyakazi asijikune kichwa. Hii hapa barua ya karani wetu, majina yakiwa yameachwa wazi.

Mtito Andei
Juni 15, 2026

Kwa Msimamizi wa Ofisi,

KUH: OMBI LA KUJARIBU SAA NYUMBUFU ZA KAZI, JULAI 6 HADI AGOSTI 28, 2026

Naomba kibali cha kufanya kazi kwa saa tofauti kwa majaribio ya wiki nane. Kwa sasa naingia saa mbili asubuhi (8.00) na kutoka saa kumi na moja jioni (17.00), na kwenda kula saa saba mchana (13.00). Napendekeza niingie saa moja asubuhi (7.00), nile saa sita hadi saa saba mchana (12.00 hadi 13.00), na nitoke saa kumi alasiri (16.00). Saa zangu zitabaki arubaini kwa wiki. Saa ya asubuhi si ya ziada na sitaidai malipo.

Sababu ni kwamba namtunza mzazi mgonjwa ambaye hubaki bila mtu kuanzia saa kumi alasiri.

Kuhusu huduma, kati ya Juni 1 na Juni 12 watu 27 walifika kabla ya saa mbili na 34 wakati wa chakula, wakakuta dirisha limefungwa. Katika siku hizo hizo stakabadhi zilizotolewa baada ya saa kumi alasiri zilikuwa 18. Mpango huu utaacha dirisha wazi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni bila kufungwa. Kasoro yake ni kwamba mwenzangu atakuwa peke yake saa ya mwisho. Nimezungumza naye naye yuko tayari kujaribu.

Nitatia sahihi kwenye daftari la askari wa langoni nikiingia, na saa ya stakabadhi ya kwanza itaonyesha dirisha lilifunguliwa lini. Nitafunga hesabu yangu ya siku na kuikabidhi kabla ya saa kumi, kisha nitoke kwenye mtambo. Hakuna atakayetumia nywila yangu baada ya hapo. Siku ambayo mwenzangu yuko likizo, mgonjwa au kwenye mafunzo, nitarudi kwenye saa za kawaida bila kungoja kuambiwa.

Naomba tuketi kutathmini jaribio Ijumaa Julai 17, Ijumaa Agosti 7, na Jumatano Agosti 19. Katika kikao cha Agosti 19 tuamue iwapo mpango uendelee, urekebishwe au ukome. Jaribio litakwisha Ijumaa Agosti 28. Ikiwa hakutakuwa na uamuzi wa maandishi kufikia siku hiyo, nitarudi kwenye saa za kawaida Jumatatu Agosti 31. Vilevile ofisi inaweza kulisimamisha wakati wowote kwa kunipa notisi ya siku tano za kazi, ili nipate kupanga mambo ya nyumbani.

Nitashukuru nikipata jibu kufikia Ijumaa Juni 26. Nitaendelea na saa zangu za sasa hadi nipate jibu.

Wako mwaminifu,
Karani, Dirisha la Malipo

Nakala: Faili ya mfanyakazi

Kwa nini kila tarehe iko pale ilipo

Tarehe ya kuanza haikuchaguliwa kwa bahati. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30, na wiki za mwisho za Juni si wakati wa kumwomba msimamizi wa mapato afanye jaribio lolote. Karani alitaka jibu kabla ya mwezi kwisha, lakini akaanza Julai 6. Vivyo hivyo asingeanza Januari, wakati wenye biashara wanapanga foleni kwa ajili ya vibali. Mwenye hoteli ya wasafiri ataepuka Desemba na Pasaka. Kanuni ni kwamba jaribio lifanyike katika wiki za kawaida, kwa sababu wiki zisizo za kawaida zitatoa jibu la uongo, liwe zuri au baya.

Wiki nane nazo zina sababu. Wiki mbili za kwanza kila mtu huwa makini na kila kitu huenda sawa. Mazoea, mazuri na mabaya, huanza kuonekana wiki ya tatu au ya nne. Jaribio la wiki mbili linapima bidii ya mfanyakazi tu. Kwa upande mwingine, miezi sita ni mingi mno kwa msimamizi ambaye bado ana wasiwasi. Ataona ameombwa mabadiliko ya kudumu yaliyovikwa jina la jaribio.

Kikao cha kwanza kimewekwa mapema, mwisho wa wiki ya pili, ili kurekebisha mambo madogo kabla hayajawa manung'uniko. Cha pili, mwisho wa wiki ya tano, ndicho kinachotazama mazoea. Cha tatu kinafanyika siku tisa kabla ya jaribio kwisha. Wengi huweka kikao cha mwisho siku ile ile ya mwisho. Msimamizi akipata safari ya Wote siku hiyo, kikao kinaahirishwa, jaribio linapita siku yake, na mfanyakazi anaendelea kutoka saa kumi bila kibali chochote. Hapo amerudi pale pale pa makubaliano ya mdomo.

Sentensi muhimu kuliko zote katika barua ni ile inayosema kwamba bila uamuzi wa maandishi atarudi kwenye saa za kawaida. Baadhi ya wafanyakazi huiogopa, wakidhani wanajinyima. Ukweli ni kwamba ndiyo inayomrahisishia msimamizi kusema ndiyo, kwa kuwa anajua hatalazimika siku moja kumpokonya mtu kitu alichokizoea. Na akihamishwa katikati ya jaribio, anayekuja atakuta katika faili barua, jibu, na tarehe ya kikao kijacho. Hatahitaji kumwuliza mtu yeyote walikubaliana nini.

Kuhusu kunyamaza: msimamizi asipojibu kufikia Juni 26, hajakubali. Mfanyakazi anabaki na saa zake na anaandika ukumbusho mfupi akitaja tarehe ya barua ya kwanza. Kuna nchi ambazo sheria imeweka kikomo kwa mwajiri. Nchini Uingereza, ambako jamaa zetu wengi hufanya kazi hospitalini na katika nyumba za wazee, tangu Aprili 6, 2024 mfanyakazi anaweza kuomba kuanzia siku ya kwanza kazini, na mwajiri anapaswa kutoa uamuzi ndani ya miezi miwili. Hapa kwetu kikomo hicho hakimo katika Sheria ya Ajira, kwa hiyo anayeandika ndiye anayependekeza siku ya kujibiwa, na anafanya hivyo kwa adabu.

Jibu la msimamizi

Msimamizi naye ana kazi ya kufanya. Kuandika "Imekubaliwa" pembeni mwa barua kwa kalamu nyekundu hakutoshi. Jibu lirudie saa mpya, siku ya kuanza na kwisha, na tarehe za vikao, kisha liseme ni nini kitakachotazamwa. Kama hana mamlaka ya kubadilisha saa, na mara nyingi wasimamizi wa vituo hawana, aipeleke barua kwa ofisi ya wafanyakazi pamoja na maoni yake, badala ya kuiweka kwenye trei. Katika mfano wetu msimamizi alikubali, akaongeza sharti moja: ufunguo wa mlango wa mbele uwe kwa askari, kwa sababu hakutaka karani mmoja awe na funguo za mlango na za kabati la stakabadhi akiwa peke yake ndani ya jengo asubuhi. Ni sharti la busara, linalomlinda karani kuliko linavyomlinda msimamizi.

Anayekataa naye aandike sababu inayohusu kazi. "Tukikukubalia wewe kila mtu ataomba" ni jibu linalosikika sana, na si sababu. Wengine wakiomba, kila ombi litapimwa kwa kazi ya mwombaji: mlinzi wa usiku hawezi kupewa saa za karani, na karani wa dirisha hawezi kupewa saa za mtunza kumbukumbu ambaye haonani na wateja.

Kikao cha kwanza na kosa la hesabu

Ijumaa Julai 17 walikaa wote watatu, msimamizi na makarani wawili, kwa robo saa. Karani alikuja na hesabu za siku kumi. Asubuhi kati ya saa moja na saa mbili zilitoka stakabadhi 29, na wakati wa chakula 31. Hapo mpango ulikuwa umefanya kazi. Lakini kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni zilitoka stakabadhi 33, wakati hesabu ya Juni ilionyesha mbili tu kwa siku. Mwenzake hakusita. Alisema Jumatatu zote mbili alifunga saa kumi na mbili kasorobo, na watu wawili waliondoka bila kuhudumiwa.

Walipochambua stakabadhi hizo siku kwa siku, waliona kwamba 17 kati ya 33 ni za Jumatatu mbili. Siku nyingine nane zilikuwa na 16, yaani mbili kwa siku kama ilivyotarajiwa. Kwa nini hesabu ya Juni haikuonyesha hilo? Jumatatu Juni 1 ilikuwa Sikukuu ya Madaraka. Katika wiki zile mbili karani alihesabu Jumatatu moja tu, ile ya Juni 8, na siku hiyo mtambo ulikuwa chini alasiri nzima. Hakudanganya mtu. Alihesabu siku tisa bila kutazama ni siku gani.

Kosa la namna hii ni la kawaida, na ndilo linaloua majaribio mengi yasiyo na tarehe. Fikiria kama kikao cha kwanza kingekuwa "baadaye kidogo". Mwenzake angevumilia Jumatatu ya tatu na ya nne, kisha angelalamika kwa mtu mwingine, na mpango mzima ungeonekana mbovu. Kwa kuwa siku ilikuwa imewekwa, lalamiko lilikuja mezani likiwa na umri wa siku nne, na dawa yake ikapatikana papo hapo: Jumatatu karani atafanya saa za kawaida, saa mbili hadi saa kumi na moja, na siku nne zinazobaki ataendelea na saa mpya. Saa arubaini hazikubadilika. Nyumbani ilibidi amwombe shangazi yake akae na mzee jioni moja kwa wiki, jambo alilolimudu, ingawa tano zingemshinda.

Msimamizi aliandika mistari minne: nani walikuwepo, kilichoonekana, kilichobadilishwa, na kikao kijacho ni lini. Wote watatu walitia sahihi. Karatasi hiyo ikaingia kwenye faili nyuma ya barua na jibu lake.

Jinsi ya kujua kwamba jaribio linaharibika

Kuna dalili mbili ambazo msimamizi anaweza kuziona bila kungoja kikao. Ya kwanza ni stakabadhi zenye jina la karani aliyekwisha kutoka. Zikionekana za saa kumi na dakika ishirini kwa jina la anayetoka saa kumi, basi ameacha mtambo wazi na mwenzake anautumia. Pesa zikipungua siku hiyo, hakuna atakayejua ni za nani. Hili likitokea hata mara moja, lizungumzwe siku hiyo hiyo, bila kungoja Agosti 7.

Ya pili ni tofauti kati ya daftari la askari na stakabadhi ya kwanza. Daftari likisema saa moja kamili kila siku lakini stakabadhi ya kwanza hutoka saa mbili kasorobo, huenda hakuna wateja, au huenda kuna mtu anayetiwa sahihi na mwingine. Alama za askari za watu wanaosubiri mlangoni zitajibu swali hilo. Tena ni heri mfanyakazi mwenyewe alete daftari hilo kikaoni kabla hajaulizwa.

Agosti 7 hapakuwa na jipya ila siku mbili ambazo mwenzake alikuwa mafunzoni, na karani akarudi kwenye saa za kawaida kama alivyoahidi. Agosti 19 uamuzi ulikuwa kuendelea kwa miezi sita, Jumatatu zikibaki saa za kawaida, na kikao kimoja tu katikati. Kwa kuwa muda huo unavuka Januari, waliandika pia kwamba kuanzia siku ya kwanza ya kazi ya mwaka mpya hadi msimu wa vibali upungue, makarani wote wawili watakuwa dirishani kwa saa za kawaida. Barua ya uamuzi ilitolewa Agosti 21, wiki moja kabla ya jaribio kwisha, ikitaja saa mpya kwa siku zake. Nakala moja alipewa karani, nyingine ikaenda kwenye faili yake, na ya tatu kwa askari wa langoni, ambaye ndiye humfungulia mlango saa moja asubuhi.